Mwanangu anakunywa haidroksi lakini bado anabanwa alfajiri, niiache?

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, huyu wa kati ni wa kiume, ana miaka 8 na ana sikoseli, tuligundua akiwa na mwaka na nusu baada ya vidole kumvimba. Ana kilo 24. Miezi minne iliyopita kliniki walimwanzishia haidroksiyurea, kapsuli moja ya miligramu 500 kila siku. Ukweli simpi kila siku, nampa kama mara tatu kwa wiki ili kopo lifike mbali mana hela inasumbua, ila akianza kuumwa nampa kila siku mpaka atulie. Sioni tofauti. Bado anabanwa miguu na mgongo na karibu mara zote inaanza alfajiri, analala mzima anaamka analia. Wifi yangu anasema hiyo ni dawa ya kansa na itamfanya asizae huko mbele. Vipimo vya kabla ya dawa: Hb 7.4, MCV 79, nyutrofili 7.1. Vya juzi: Hb 7.6, MCV 80, nyutrofili 6.8. Kitu kingine bado ni kikojozi, namkataza maji kuanzia saa kumi na mbili jioni na bado analowesha godoro, nahisi sasa ni uvivu. Nishauri mama, niiache hii dawa?

Mama wa Mbagala

Marahaba mwanangu. Usiiache. Na nakushukuru sana kwa kuandika namba za vipimo na kusema wazi unavyompa, mana wazazi wengi kliniki wanasema "nampa kila siku" na daktari anabaki anakuna kichwa. Kwa ulichoandika hapo juu naona mambo mawili yanayomuumiza huyu kijana, na yote mawili yanarekebishika hapo hapo nyumbani kwako: dawa haimuingii ya kutosha, na maji ya jioni unamnyima.

Nianze na karatasi ya maabara, kwa sababu imeshajibu nusu ya swali lako. MCV ni ukubwa wa seli nyekundu. Haidroksi ikifanya kazi, seli nyekundu zinazotengenezwa zinakuwa kubwa kuliko za mwanzo, na hiyo namba inapanda, taratibu, mtoto aliyeanzia 79 baada ya miezi kadhaa unamkuta 90, wengine wanavuka 100. Wa kwako katoka 79 kaja 80, hapo hajasogea. Nyutrofili nazo, ambazo ni aina ya seli nyeupe, dawa ikiingia vizuri zinashuka, sisi huwa tunatafuta zikae kama kati ya 2 na 4. Zake zilikuwa 7.1 sasa ni 6.8, ni yale yale. Hb nayo, kile kipimo cha wingi wa damu, hivyo hivyo. Yani karatasi inasema uboho wa mifupa yake, pale damu inapotengenezwa, haujaisikia dawa. Kwahiyo huwezi kusema dawa imeshindwa wakati bado haijapewa nafasi.

Tupige hesabu kidogo. Kapsuli ya 500 kwa kilo 24 ni kama miligramu 21 kwa kila kilo kwa siku, hiyo ni dozi sahihi kabisa ya kuanzia, kwa kawaida tunaanza 15 mpaka 20 hivi kwa kilo, halafu tunapandisha pole pole kulingana na damu inavyosema, tusivuke 35. Sasa wewe unampa mara tatu kwa wiki, hizo ni miligramu 1500 kwa siku saba, ukigawa inakuja kama 9 kwa kilo kwa siku. Chini ya nusu. Na ubaya hauishii kwenye jumla, ubaya ni ile mikatiko, kwa sababu haidroksi haikai mwilini, ndani ya masaa machache nyingi imeshatoka kwenye damu, kwahiyo siku ambayo hujampa uboho unapumzika na kurudia mazoea yake.

Ili uelewe kwa nini mikatiko inaharibu, inabidi nikueleze kinachotokea ndani ya damu yake, nisome taratibu mana nikishamaliza hapa hata lile swali la alfajiri litakuwa limejijibu.

Ndani ya kila seli nyekundu kuna hemoglobini, ndo inayobeba oksijeni. Ya kwake inaitwa HbS na imetofautiana na ya kawaida kwa kitu kidogo sana, sehemu moja tu kwenye mnyororo mzima wa protini imebadilishwa. Ikiwa imebeba oksijeni haina shida, seli iko laini inapita popote. Shida inaanza ikishaiachia oksijeni huko kwenye misuli na mifupa, hapo zile HbS zinaanza kushikana moja na nyingine zinajipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu, na hizo nyuzi ndo zinaivuta seli inakuwa na umbo la mundu. Ila sikiliza hapa, hazishikani papo hapo. Kuna muda unapita kati ya oksijeni kutoka na nyuzi kuanza kujengeka, na wakati huo seli inakimbia kupita kwenye mshipa mwembamba kurudi mapafuni kuchukua oksijeni nyingine. Ikiwahi, imepona, nyuzi hazikujengeka. Ikichelewa inagandia humo humo, wenzake wanaokuja nyuma wanakwama, ni kama bajaji imezimika katikati ya uchochoro wa Manzese saa ya watu kutoka kazini, hata wenye magari mazima hawapiti. Na seli nyeupe zikiwa nyingi, kama hizo nyutrofili zake, nazo zinang'ang'ania kwenye kuta za mshipa, zinapunguza mwendo zaidi. Sehemu ya mfupa iliyokuwa inategemea ule mshipa inakosa damu, inaanza kufa njaa, na hayo ndo maumivu unayoyasikia analia nayo.

Kwahiyo kila kitu kwenye ugonjwa huu kinarudi kwenye ule muda mfupi. Kinachoufupisha kinaleta kraisisi, yani hayo maumivu ya kubanwa, kinachourefusha kinamlinda.

Sasa haidroksi inaurefushaje? Mtoto akiwa tumboni anatumia hemoglobini nyingine kabisa, tunaiita hemoglobini ya kichanga, kwenye karatasi inaandikwa HbF. Hiyo haiingii kwenye zile nyuzi. Ikiwepo ndani ya seli ya kutosha inakaa katikati ya zile HbS inazizuia zisishikane haraka. Anapozaliwa hemoglobini yake nyingi ni hiyo, kisha mwili unaanza kuizima na kuleta ya kikubwa, na ndani ya miezi sita hivi inakuwa imeshashuka sana. Ndo mana mtoto mwenye sikoseli anazaliwa mzima anapendeza, halafu katikati ya mwaka wa kwanza na wa pili vidole vinavimba, kama ilivyokuwa kwa wa kwako. Daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aliliona hilo mwaka 1948, kwamba damu ya vichanga hawa haigeuki mundu kirahisi kama ya mama zao wenye tatizo, na akasema lazima ni ile hemoglobini ya kichanga inayowakinga. Baada ya hapo watu wakaanza kutafuta namna ya kuiwasha tena.

Haidroksi inaiwasha kwa kuusumbua uboho kidogo. Inazizuia kwa muda seli zinazogawanyika haraka zisiendelee, uboho unashtuka kwamba uzalishaji umeyumba, unazisukuma mbele zile seli mama changa ambazo bado hazijaacha tabia ya utotoni ya kutengeneza HbF. Hizo zinakua, zinatoka kwenye damu zikiwa kubwa, ndo hiyo MCV kupanda, na ndani yake zina HbF. Mtoto ambaye hajaanza dawa unaweza kumkuta na asilimia 5 au 10 hivi, akinywa vizuri kwa dozi iliyomfaa wengi wanafika 20 na zaidi. Na pale pale nyutrofili zinapungua, kwahiyo hata ule ung'ang'anizi kwenye kuta za mishipa unapungua.

Ila uone sasa, seli nyekundu zilizoko mwilini leo haidroksi haizigeuzi. Inabadilisha zinazokuja. Zinabidi za zamani ziondoke, mpya zijae, kisha uboho uzoee, na kila ukiruka siku unaurudisha nyuma. Ndo mana tunasema miezi mitatu mpaka sita kabla hujategemea mabadiliko ya maana, na hiyo ni miezi ya kumeza kila siku. Na ndo mana kumpa akiwa tayari anaumwa hakumsaidii lolote kwa hayo maumivu, kraisisi ya leo imetoka kwenye seli zilizotengenezwa wiki zilizopita. Kraisisi inataka dawa ya maumivu, maji na joto. Haidroksi ni ya kila siku mzima mgonjwa, saa ile ile, mimi huwa nawashauri wazazi waifunge kwenye kitu ambacho hakirukwi, mfano chai ya asubuhi.

Hela naielewa, sitakwambia "jitahidi" halafu nikuache hapo. Nenda kliniki mwambie daktari waziwazi kwamba unaruka ili kopo lifike. Hilo sio kosa la kukugombeza, ni taarifa ya matibabu. Anaweza kukupeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, anaweza kuangalia bima, na hata ikishindikana kabisa, dozi ndogo ya kila siku inayopangwa na daktari ni bora kuliko dozi kubwa ya kurukaruka, India na Nijeria wametumia miligramu 10 kwa kilo kila siku na watoto wakanufaika. Lakini apange yeye, usigawe kapsuli mwenyewe.

Na jambo moja la tahadhari, ukianza kumpa kila siku kuanzia kesho ni sawa na kumpandishia dozi zaidi ya mara mbili kwa mpigo. Kwahiyo ongea nao kwanza, na arudie kipimo cha damu baada ya wiki nne hivi. Tunaangalia nyutrofili zisishuke chini ya 1 na pletileti, zile chembe zinazogandisha damu, zisishuke chini ya 80. Zikishuka dawa inasimamishwa kama wiki, damu inapimwa tena, zikipanda anarudishiwa, mara nyingi kwa dozi ndogo kidogo. Kushuka hivyo kwa kawaida kunarudi ndani ya wiki moja au mbili, sio uboho kuharibika. Kwenye hicho kipindi akipata homa ya ghafla au vidonda mdomoni, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kuhusu MCV niongeze kitu ambacho huwa kinawachanganya watu huku kwetu. Watoto wengi wa Kitanzania wana tatizo dogo la kurithi linaitwa alfa thalasemia ambalo linafanya seli ziwe ndogo, na upungufu wa madini ya chuma nao unafanya hivyo hivyo. Kwahiyo usilinganishe namba yake na ya mtoto wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe alipoanzia, yani 79. Akinywa kila siku miezi mitatu halafu ikabaki 80, hapo daktari ana haki ya kuuliza maswali mengine, ikiwemo kupandisha dozi. Na kumbuka dozi inafuata kilo, akifika kilo 28 hiyo kapsuli moja inakuwa chini ya miligramu 18 kwa kilo, kwahiyo apimwe uzito kila mnapokwenda.

Haya, twende alfajiri.

Mwanangu, kijana wako sio mvivu. Kukojoa kitandani kwake ni sikoseli yenyewe. Ndani kabisa ya figo kuna sehemu ambayo kazi yake ni kuvuta maji yarudi mwilini ili mkojo uwe mzito na mchache, hasa usiku. Ile sehemu ina oksijeni kidogo, ina chumvi nyingi, ina asidi, yani vitu vyote vinavyofanya HbS ishikane viko pale kwa pamoja, kwahiyo seli zinageuka mundu humo tangu mtoto akiwa mdogo na ile mishipa midogo inaziba moja moja bila maumivu, bila wewe kujua. Akifika umri wa wa kwako, figo imeshapoteza uwezo wa kubana maji. Anakunywa au hanywi, mkojo unatoka mwingi na mwepesi. Mtoto mwingine ukimnyima maji jioni figo yake itabana, huyu yake haibani, inaendelea kuyatoa tu.

Sasa chukua hilo uliweke kwenye usiku wa Dar. Saa kumi na mbili maji yamekatwa. Analala kwenye chumba chenye joto, anatoka jasho, anakojoa mkojo mwepesi mwingi, labda na feni inampuliza moja kwa moja na akishalowesha godoro anabaki na nguo mbichi inampoza mwili. Ikifika saa kumi usiku ameshakaa masaa kumi bila tone la maji huku akiyapoteza kwa njia mbili. Damu inakuwa nzito na hata zile seli nyekundu zenyewe zinapoteza maji, HbS ndani yake inasongamana. Na hapa ndo penye siri, ule muda wa kabla ya nyuzi kujengeka unategemea sana msongamano wa HbS, seli ikikauka kidogo tu muda haupungui kidogo, unapungua mno. Ongeza na baridi ya ile nguo mbichi inayobana mishipa ya miguu, seli inapita polepole, haiwahi. Unamsikia analia kabla ya adhana.

Hizo ndo kraisisi zake za alfajiri, kwa jinsi nilivyozielewa. Mimi nisingekuwa na uhakika huo kama zingekuwa zinaanza saa yoyote, ila wewe mwenyewe umesema karibu zote ni alfajiri.

Kwahiyo mrudishie maji. Mtoto wa kilo 24 anahitaji kama lita moja na nusu kwa siku siku ya kawaida, ukihesabu na uji na chai na supu, na siku ya jua kali au akicheza mpira zaidi ya hapo, ikifika lita mbili sio nyingi. Mjazie chupa yake aende nayo shule na umwandikie mwalimu kwamba aruhusiwe kunywa darasani na kutoka kukojoa akiomba, mana wengi hawanywi kwa kuogopa kunyimwa ruhusa ya choo. Jioni anywe, kabla ya kulala akojoe. Ukiamka usiku mwamshe akojoe, mpe na kikombe cha maji, mbadilishe nguo kama imelowa. Weka nailoni chini ya shuka, godoro litapona. Na usimchape wala kumtangaza kwa ndugu zake, nakuomba sana.

Vingine vinavyoufupisha ule muda unavijua bila shaka: homa, hasa malaria, kwahiyo chandarua kila usiku na dawa ya kukinga malaria aliyopangiwa isikatike, kuanza haidroksi hakuiondoi. Kuogelea kwenye maji ya baridi, kuloweshwa na mvua na kukaa nayo, kukimbia mpaka aishiwe pumzi. Simaanishi umfungie ndani, acheze, ila apumzike pale anapotaka yeye, asilazimishwe na mtu wa michezo.

Akibanwa, mpe maji ya kutosha, mkande na kitambaa cha joto, kamwe sio barafu, na paracetamoli kwa kipimo cha kilo zake. Zile dawa za diklofenaki mnazouziwa dukani kila maumivu yakija, punguza mkono. Figo yake tayari imeumia na hizo zinaiongezea mzigo, hasa akiwa amekauka maji. Atumie pale daktari aliposema na kwa siku chache.

Na mwombe daktari apime mkojo kama una protini, akifika umri wa miaka kumi hilo liwe la kila mwaka. Kupoteza uwezo wa kubana maji ni hatua ya mwanzo ya figo, hatua inayofuata ni protini kuvuja, na hiyo haiumi, haikojozi, mtu anakuja kugundua akiwa mtu mzima figo zimechoka.

Kuna kiungo kingine ambacho sitaki uondoke bila kukiulizia nacho ni ubongo. Watoto wenye sikoseli kali kama hii wanaweza kupata kiharusi, na bila kinga yoyote kama mmoja kati ya kumi hupatwa kabla ya kufika miaka 20. Kuna kipimo cha doppla ya kichwa, ni kama alitrasaundi, wanapaka jeli pembeni ya jicho juu ya sikio wanapima mwendo wa damu kwenye mishipa mikubwa ya ubongo, hakiumi. Mshipa ukianza kuwa mwembamba damu inapita kwa kasi, ikifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi hatari ni kubwa na hatua zinachukuliwa, ama kuongezewa damu kwa mpangilio ama haidroksi pale ambapo damu haipatikani kwa uhakika. Kinafanyika mara moja kwa mwaka kuanzia miaka 2 mpaka 16. Hukukitaja kwenye barua. Uliza kama amewahi kupimwa, na kama kliniki yenu hawana waombe rufaa.

Sasa wifi. Kasema kweli nusu. Haidroksi imetumika kwa baadhi ya saratani za damu kwa miaka mingi, ila dawa moja kutumika kwa magonjwa mawili ni jambo la kawaida. Kwa sikoseli utafiti mkubwa ulitoka mwaka 1995 kwa watu wazima, mwaka 1998 Marekani wakaiidhinisha, na wale wagonjwa walifuatiliwa zaidi ya miaka 17, waliokunywa waliishi zaidi na saratani haikuonekana kuongezeka. Halafu watu walikuwa wanauliza, je watoto wa Afrika wenye malaria na lishe yetu hii? Ukafanyika utafiti unaitwa REACH, watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, wa miaka 1 mpaka 10, zaidi ya 600. Majibu yakachapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na hata malaria ilipungua. Hao ni watoto kama wa kwako kabisa.

Kuhusu kuzaa, ukweli ni kwamba kwa wanaume watu wazima haidroksi inaweza kupunguza idadi ya mbegu wakati wanaitumia, na wengi zinapanda tena wakiacha, ila sio wote. Sikoseli yenyewe nayo inapunguza mbegu, tena kijana asiyetibiwa anaweza kupata tatizo la uume kusimama wenyewe kwa maumivu bila kulala, likipita masaa manne linaweza kumharibia kabisa nguvu zake. Kwahiyo ukiweka kwenye mizani, kuacha dawa kwa ajili ya kulinda uzazi hakumlindi. Akishakuwa mkubwa anataka kuoa ataongea na daktari wake, kuna namna ya kulipanga. Na huyo wifi, kama yuko kwenye umri wa kubeba mimba, asifungue hizo kapsuli kwa mikono, anayezishika anawe mikono baadaye. Kucha zake kijana zikianza kuwa na mistari myeusi usishtuke, ni dawa, haina madhara.

Yapo mambo ambayo hayasubiri kliniki wala ushauri wangu, ni kubeba mtoto na kwenda usiku huo huo: homa ya 38.5 au zaidi, kifua kumuuma huku anapumua haraka au anakohoa, upande mmoja wa mwili kulegea au mdomo kupinda au maneno kumpotea hata kama baada ya dakika kumi amerudi sawa, tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto huku amepauka, na huo uume kusimama bila kulala. Kifua nakisisitiza kwa sababu mara nyingi kinaanza siku ya pili au ya tatu ya kraisisi ya kawaida ya mgongo, mzazi anadhani ni maumivu yale yale yamepanda juu.

Kliniki ijayo nenda na kopo la dawa lenyewe wahesabu kapsuli zilizobaki, na zile karatasi mbili za vipimo. Waambie umekuwa ukimpa mara tatu kwa wiki, waambie kuhusu kukojoa na maji, ulizia doppla na mkojo, na uombe wampime HbF kama kipimo kipo ili tujue anaanzia wapi. Halafu niandikie tena akishamaliza miezi mitatu ya kumeza kila siku, uniambie MCV imefika ngapi na kama bado anaamka alfajiri analia.